Alama 9 kati ya 20: barua kwa mzazi kuhusu jaribio la sehemu

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi hapa Dodoma, na ndimi mratibu wa majaribio yanayosahihishwa kwa skana. Barua hii nilimwandikia mzazi wa mwanafunzi wa Darasa la Sita baada ya jaribio la sehemu. Ameridhia niitoe kwa wazazi wengine, kwa kuwa fomu za kusiliba zinapotumika, mzazi hupelekewa namba tu, bila kujua imetoka wapi.

Shikamoo mama,

Uliniuliza kwenye simu inakuwaje mtoto anayekusaidia kupima karanga sokoni bila kukosea apate 9 kati ya 20 kwenye sehemu. Nimeketi na karatasi zake mbili, ile ya maswali na fomu aliyosiliba, nikazipitia mstari kwa mstari. Alama 11 alizopoteza hazikupotea kwa njia moja, na ndiyo maana nakuomba usimpe adhabu kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Kwanza fomu. Skana haioni hesabu aliyoifanya mtoto. Inapima weusi wa penseli ndani ya kila kiduara, na katika kila mstari inatafuta kiduara kimoja kilichokolea. Isipokiona, swali linahesabiwa halikujibiwa. Ikikuta viwili, swali linakosa alama hata kama kimojawapo ndicho sahihi.

Swali la 9 lilimshinda akaliruka ili alirudie baadaye. Hakuna ubaya hapo. Ila kwenye fomu hakuuruka mstari wa 9. Jibu la swali la 10 akalisiliba kwenye mstari wa 9, la 11 kwenye mstari wa 10, akaendelea hivyo hivyo hadi jibu la 14 likakaa mstari wa 13. Alipofika swali la 15 akashtuka, akauacha mstari wa 14 mtupu na kuendelea vizuri. Kwa hiyo kuanzia 9 hadi 14 amekosa mfululizo, alama sita. Makosa yanapoongozana namna hii, shuku mstari kwanza. Nilipofungua karatasi ya maswali nikakuta majibu yake ya 10 hadi 14 yamezungushiwa kalamu na yote matano ni sahihi. Hakuotea, maana hesabu zake ziko pembeni. Swali la 12, kwa mfano, lilikuwa 2/3 × 1/4. Ameandika 2/12, kisha akarahisisha kuwa 1/6.

Swali la 17 nalo alijua. Alisiliba A, akabadili mawazo, akafuta, akasiliba C ambayo ni sahihi. Ufutio wake ni ule wa kichwani mwa penseli, umeshakuwa mgumu, ukausambaza tu ule weusi wa penseli. Nimeiangalia picha ya skana: A imebaki na ukungu mzito, nayo mashine ikahesabu majibu mawili.

Ukijumlisha, alama sita zimepotelea kwenye kusiliba: tano kwa mistari kuhama na moja kwa kufuta vibaya. Kwa penseli yangu ana 15. Hata hivyo, kwenye ripoti nimeiacha 9, nikaandika 15 pembeni pamoja na maelezo. Nimefanya hivyo kwa sababu mwakani kwenye mtihani wa kumaliza Darasa la Saba, majibu ya kuchagua huhesabiwa kutoka kwenye fomu ya OMR, yaani fomu ya kusiliba kama hii. Alichozungushia kwenye karatasi ya maswali hakitamwokoa. Nimemwelekeza aguse namba ya swali kwa kidole kwenye karatasi na kwenye fomu kabla ya kusiliba. Akiruka swali, aweke alama ndogo pembeni ya mstari wake. Wewe mnunulie penseli ya HB na ufutio laini.

Sasa nije kwenye alama zinazonihangaisha zaidi. Ukiacha swali la 9, amekosa maswali manne: la 3, la 5, la 16 na la 19. Yametawanyika, kwa hiyo si mstari. Tazama alichoandika. Swali la 3 lilikuwa 1/2 + 2/5, akajibu 3/7. Swali la 5 lilikuwa 2/3 + 1/4, nalo akajibu 3/7. La 16 lilikuwa 3/4 − 1/2, akapata 2/2, yaani 1. La 19 lilikuwa 3/5 + 1/10, akapata 4/15.

Mama, hayo si makosa manne. Ni kosa moja limerudi mara nne. Anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kana kwamba kila sehemu ni namba mbili zilizopangana. Na najua alikoitoa kanuni hiyo. Kwenye kuzidisha ndivyo inavyofanywa, na ndiyo iliyompa swali la 12. Ameibeba kanuni ya kweli akaipeleka mahali isipofaa. Majibu hayo tuliyaweka kwa makusudi kati ya yale matano ya kuchagua, ili mtoto mwenye tatizo hili tumtambue.

Hapo ndipo debe na sado zako zinapohitajika. Chukua debe la lita 20 na sado ya lita 4, sado tano zijaze debe. Usawazishe juu, isiwe ile ya kilele unayompimia mteja. Mwambie aweke nusu debe ya karanga, halafu aongeze 2/5 ya debe, yaani sado mbili. Kisha mwonyeshe jibu lake la 3/7 na umuulize: umeanza na nusu, umeongeza, imekuwaje ubaki na pungufu ya nusu? Maana nusu ya 7 ni 3 na nusu, na yeye ana 3 tu. Mwache alitazame debe mwenyewe. Swali la 16 mwulize vivyo hivyo: una robo tatu ya debe, umetoa nusu, debe zima limetoka wapi?

Baada ya hapo atafute kipimo kimoja kitakachopima nusu debe na 2/5 ya debe bila kubakiza. Sado haifai, kwa sababu nusu debe ni sado mbili na nusu. Nusu sado inafaa. Kwenye debe zima zinaingia nusu sado 10, kwenye nusu debe 5, na kwenye 2/5 ya debe 4. Tano na nne ni tisa, basi jibu ni 9/10. Hiyo 10 ndiyo tunayoiita darasani KDS ya 2 na 5, kigawe kidogo cha shirika. Mtoto wako anajua kuikokotoa KDS, nimeona kwenye daftari lake. Ambacho hakijamwingia ni kwamba KDS inatafuta kipimo cha pamoja. Huwezi kuhesabu pamoja vipande visivyolingana ukubwa.

Usimpe hesabu nyingi. Jumlisha mbili na toa moja kila jioni zinatosha, na kabla ya kukokotoa aseme kwa mdomo kama jibu litazidi nusu au litapungua.

Ijumaa nitampa maswali manne ya aina hiyo hiyo kwenye karatasi ya kawaida, bila fomu, ili penseli na mistari visituchanganye. Akijibu 1/3 + 1/2 kwa 2/5, nitajua bado tuko palepale, na nitakuomba uje na lile debe darasani.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Sita