Ukungu kwenye picha si kosa la simu

"Simu yangu ni ya bei rahisi, ndiyo maana picha za vitenge vyangu zina ukungu na rangi si zenyewe. Ninunue nyingine?"

Usinunue kwanza. Geuza simu uangalie kioo cha kamera: mafuta ya vidole yakikaa pale, mwanga hutawanyika na picha nzima hupauka. Pumulia kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Taa ikionekana na michirizi pichani, bado hakijatakata.

Rangi ni suala la mwanga. Mteja akirudisha kitenge kwa sababu aliona rangi ya maziwa na amepokea cheupe, mara nyingi kilipigwa chini ya balbu ya manjano. Zima taa zote, hata kama dirisha liko wazi, kwani mwanga wa aina mbili huichanganya kamera. Tandika kitenge kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe.

Katika kuhariri, ongeza mwangaza kidogo, kisha rekebisha joto la rangi mpaka manila ionekane nyeupe kweli. Vichujio vya urembo viache kabisa, vinadanganya mnunuzi. Mwisho linganisha picha na kitenge chenyewe mkononi, ukiwa palepale dirishani.