Mfanyakazi akikueleza ana bipola: zamu, siri na mipaka

Swali: Nasimamia nyumba ya wageni hapa Kigoma Mjini. Kijana wangu wa mapokezi kaniambia ana bipola na anatumia dawa. Mapokezi wako watatu, wanapokezana usiku na mchana. Nianze wapi?

Jibu: Anza na usingizi wake, dada yangu. Bipola humpandisha mtu hisia kupita kiasi kwa kipindi fulani, na kipindi kingine humshusha hadi akose nguvu ya kuinuka kitandani. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumpandisha haraka. Kwa hiyo zamu inayobadilika kila wiki inaweza kumuumiza kuliko wingi wa kazi wenyewe.

Mwombe alete cheti cha daktari kinachosema hafai kufanya kazi usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mwenye cheti cha namna hiyo anatakiwa ahamishwe kutoka zamu ya usiku. Basi hapo humfanyii hisani.

Wasimamizi wengi huona suluhisho ni kumpa zamu ya alfajiri. Hapo wanakosea. Anayeingia saa 12 asubuhi huamka saa 10, na baadhi ya dawa za bipola huacha usingizi mzito asubuhi. Mpangie saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku zote saa zilezile. Wenzake wawili wagawane alfajiri na usiku, na anayefanya kazi usiku alipwe nyongeza ya usiku, ambayo kisheria haipungui asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mweleze kijana mapema kwamba yeye nyongeza hiyo ataikosa, asije akashtuka mwisho wa mwezi na kudhani ameadhibiwa.

Swali: Wenzake wameshaanza kuuliza kwa nini yeye haingii zamu ya usiku. Niwajibu nini?

Jibu: "Zamu zimepangwa upya, na nyongeza ya usiku mtalipwa." Ishia hapo. Ukisema tu "ana matatizo ya kiafya", umewapa kitendawili, na kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa umekitegua kwa namna yake.

Cheti chenyewe hakihitaji kutaja jina la ugonjwa. Kwa kupanga zamu, kinachokuhusu ni kwamba hafai kazi za usiku na kwa muda gani. Kitunze kwenye faili lake, kabati lifungwe. Kisiwe ndani ya daftari la zamu linalolala kaunta, wala usikipige picha ukakirusha kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye nyumba ya wageni akitaka kujua zaidi, mwambie akamuulize kijana mwenyewe.

Swali: Anashika pesa za wageni. Nimwondoe kwenye kaunta?

Jibu: Usimwondoe akiwa mzima na kazi anaimudu. Kaa naye siku ametulia, mwulize hali ikianza kumpanda huonekanaje kwake. Wengi wanajijua. Mmoja hulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka hana uchovu, anaongea mfululizo, anapunguzia wageni bei bila ruhusa. Andikeni karatasi moja: dalili zake mbili au tatu, nani apigiwe simu (anamchagua yeye, awe mama yake au kaka yake), na kwamba dalili zikionekana hesabu ya jioni ifanywe na watu wawili, naye aende kliniki mapema. Asaini naye.

Wewe ukiona dalili, mwulize faraghani: "Jana ulilala kwa muda wa saa ngapi?" Swali hilo linajibika. Usimwulize kama amemeza dawa kila anapocheka kwa sauti, maana mwenye bipola naye ana siku zake za furaha ya kawaida. Ila akitishia kujiua, au akiwa hatarini kumdhuru mtu, mpe taarifa yule aliyemchagua na mpelekeni hospitali wakati huohuo. Siri hapo haizuii kuokoa maisha, na hata hapo wanaambiwa wanaohitajika kusaidia tu.

Swali: Akiugua muda mrefu je? Nyumba yetu ni ndogo.

Jibu: Akiwa na cheti, ana siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Akirudi, aanze na nusu siku kwa wiki mbili hivi kama daktari ameshauri, kisha mpitie upya mpango wa zamu kila baada ya miezi mitatu.

Zikiisha siku hizo na bado hawezi, usimfukuze kwa simu. Mwite, asindikizwe na mtu anayemwamini, mtazame ripoti ya daktari na mtafute kwanza kazi nyingine anayoiweza hapo hapo, kwa mfano kusimamia stoo ya mashuka mchana. Ikiwa kweli haipo, sheria inakuruhusu kusitisha ajira. Ukiruka hatua hizo, anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na itakubidi uonyeshe ulichojaribu kabla ya kumwachisha.