Paka akipooza miguu ya nyuma ghafla, mguse paja kabla ya kumtafuta aliyempiga

Saa nne usiku mama mmoja alituletea paka wake akiwa ndani ya kapu la nguo. Dume aliyehasiwa, miaka saba, kilo 5.6, paka wetu wa kawaida tu mwenye mabaka ya rangi ya chungwa. Jioni alikula dagaa zake akamaliza. Baada ya swala ya isha wakamsikia akilia uvunguni mwa kitanda, kilio ambacho hawajawahi kukisikia kwake, na walipomtoa alikuwa akijikokota kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikiburuzika. Nyumbani kila mtu alishatoa hukumu yake: baba akasema kagongwa na bodaboda, watoto wakasema nyoka, bibi akasema kuna mtu kamtupia jiwe. Walishamchua kiuno kwa dawa ya misuli. Bahati nzuri hawakumpa parasetamoli, maana kwa paka hiyo ni sumu, hata kipande kidogo cha kidonge kinaweza kumuua.

Nilianza kwa kumshika paja upande wa ndani, pale linapokutana na tumbo. Kwa paka mzima mshipa hudunda chini ya kidole. Kwa huyu palikuwa kimya pande zote mbili. Nyayo za mbele zilikuwa za waridi na zenye joto, za nyuma zimepauka, zinaelekea bluu, baridi kama zimetoka kwenye jokofu, na misuli ya mashavu ya miguu imekakamaa. Kwa mashine ile ile ndogo wanayotumia wagonjwa wa kisukari nilipima tone la damu kutoka mguu wa mbele, likasoma 11.2. Tone la mguu wa nyuma lilisoma 3.4. Damu ya nyuma ilikuwa imekwama: misuli imekwisha kula sukari iliyokuwamo, na mpya haiji.

Paka aliyevunjika uti wa mgongo naye hupooza nyuma, lakini miguu yake hubaki na joto na mapigo yapo. Miguu ikipooza, ikawa baridi, na mapigo hayapo, basi mara nyingi kuna bonge la damu limeziba mshipa, na bonge hilo kwa kawaida limetoka moyoni.

Ugonjwa wa moyo unaowapata paka zaidi kuliko mwingine wowote ni kunenepa kwa msuli wa moyo, hasa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto. Ukuta hunenepa kuelekea ndani, kwa hiyo ukiutazama moyo kwa nje unaweza usione tofauti kubwa, ilhali ndani nafasi imebana na msuli umekuwa mgumu, hautaki kulegea kupokea damu. Damu isiyopata nafasi hurundikana chumba cha juu cha kushoto, nacho hutanuka mwaka hadi mwaka. Chumba hicho kina kifuko pembeni kinachofanana na sikio dogo. Humo damu huzubaa, na damu ikizubaa huganda. Siku bonge linapong'oka husukumwa kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili, linateremka nao hadi njia panda ya kwenda miguuni, na pale hukaa kama mpanda punda aliyetupa mguu huku na huku. Mara chache hukwama mguu mmoja wa mbele. Bonge lenyewe pia hutoa kemikali zinazofanya vijimishipa vya jirani vijifinye, ndiyo maana damu haipati njia ya kuzunguka.

Yule paka tulimpa dawa kali ya maumivu kabla ya kitu kingine chochote, kisha oksijeni na dawa ya kutoa maji, kwa kuwa mapafu yalikuwa yameanza kujaa. Joto la mwili lilikuwa 36.4, wakati paka mzima huwa zaidi ya 38. Joto linaposhuka chini ya 37 hivi, matumaini hupungua sana, na hilo nilimwambia mama bila kuficha. Asubuhi ya pili mguu mmoja ulianza kupata joto, tukafurahi mapema mno. Damu inaporudi kwenye misuli iliyokufa huzoa potasiamu iliyovuja humo na kuipeleka moyoni kwa mkupuo. Moyo ulisimama saa tatu asubuhi.

Swali la mama lilikuwa la haki: “Daktari, kila mwaka analetwa chanjo, kifua kinasikilizwa. Mbona hakuna aliyesikia kitu?” Kwa sababu pengine hapakuwa na cha kusikia. Mvumo, ile sauti ya “fuuu” katikati ya mapigo, hutokea damu inapopita kwa msukosuko. Kwa baadhi ya paka wenye ugonjwa huu kipande cha vali huvutwa kwenye njia ya kutokea damu, na mvumo husikika vizuri. Wengine ukuta umenenepa lakini njia iko wazi, na stetoskopu haisemi neno. Upande wa pili, paka wengi wazima hutoa mvumo wakiwa mezani kwa daktari kwa sababu ya hofu tu: moyo unakwenda mbio, upande wa kulia unajibana, sauti inatokea, na wakitulia inapotea. Mvumo basi ni sababu ya kuuliza. Jibu hutolewa na eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Mama alikuwa na ndugu wawili wa yule paka, wa uzazi mmoja, akawaleta wiki iliyofuata. Jike alikuwa na mvumo hata mwanafunzi wetu aliusikia. Dume alikuwa kimya kabisa.

Paka hulazwa ubavu wa kulia kwenye meza yenye tundu, kipimo kikaja kwa chini yake. Wengi hawahitaji kulazwa usingizi, wanahitaji chumba cha giza kidogo na mtu wanayemjua awashike. Tunapima ukuta wakati moyo umelegea. Chini ya milimita 5 ni salama, 6 na zaidi ni mnene, na katikati hapo paka mkubwa wa mwili anaweza kuwa mzima. Jike: 4.3. Mvumo wake ulikuwa wa upande wa kulia, hauna madhara. Dume: 6.9. Kabla ya kuupa ugonjwa jina tulimpima presha na homoni ya tezi ya shingo, kwa kuwa zote zikipanda hunenepesha moyo vilevile, na tukahakikisha hana upungufu wa maji, ambao hufanya ukuta uonekane mnene kwa muda. Vyote vilikuwa sawa.

Kilichoamua matibabu hakikuwa ukuta bali chumba cha juu. Tunakilinganisha na upana wa aota. Kwa paka mzima hakifiki mara moja na nusu yake. Cha huyu kilikuwa mara 2.1, na ndani damu ilizunguka taratibu kama moshi wa udi kwenye chumba kilichofungwa. Ukiuona moshi huo, damu inakaribia kuganda.

Dume huyo anapewa klopidogreli, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, robo ya kidonge cha watu cha miligramu 75, mara moja kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliilinganisha na aspirini kwa paka waliokwisha kupata bonge, na klopidogreli ilichelewesha zaidi bonge la pili. Haiyeyushi bonge lililopo, wala hairudishi ukuta ulivyokuwa. Ni chungu mno, paka hutoa povu, kwa hiyo mama huificha ndani ya kapsuli tupu anayoipaka siagi. Usiku, akiwa amelala fofofo, humhesabia pumzi kwa dakika nzima na kuandika kwenye daftari. Zikizidi 30 anarudia baada ya nusu saa, na zikibaki hapo anapiga simu. Wiki iliyopita daftari lilisoma 22, 24, 21, 23.