Logi ya faktoria kubwa: usikitupe kile kijisehemu cha mwisho

Kompyuta yoyote inayotumia namba za desimali za biti 64 hukubali 170! bila shida. Ukiiomba 171!, inagoma: ama inakupa alama ya namba isiyo na kikomo, ama inatoa kosa. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kushikwa humo ni kama 1.8 × 10^308, na 171! imeshaivuka. Ndiyo maana sisi tunaoshinda tukikokotoa uwezekano hatuigusi faktoria yenyewe. Tunashika logi yake, tunafanya hesabu zote huko kwenye logi, na tunarudi kwenye namba ya kawaida mwishoni kabisa, kama hata kuna haja ya kurudi.

Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kwa hiyo ln n! ni jumla tu ya ln 1, ln 2, ln 3 na kuendelea hadi ln n. Jumla hiyo inakaribiana na eneo lililo chini ya mstari uliopinda wa ln x kutoka 1 hadi n, na eneo hilo ni n ln n − n + 1. Wengi huishia hapo. Wanaiacha ile 1, wanaandika ln n! ≈ n ln n − n, na wanasonga mbele. Fomula hii fupi si mbaya, ila ina mtego.

Chukua 10!, ambayo ni 3,628,800. Logi asilia yake ni 15.1044. Fomula fupi inatoa 13.0259. Ukitazama haraka utasema tumekosea kwa asilimia 14 hivi. Hapana. Kosa la 2.08 kwenye logi maana yake namba yenyewe imekosewa mara e^2.08, yaani karibu mara nane. Hili ndilo la kushika kuliko yote katika hesabu za namna hii: usipime kosa la logi kwa asilimia. Tazama tofauti yenyewe, kwa sababu ndiyo inayogeuka kuwa mara ngapi umekosea kwenye jibu. Tofauti ya 0.01 kwenye logi ni kosa la asilimia 1 kwenye namba, hata kama logi yenyewe ni milioni kumi.

Sasa turekebishe. Badala ya kuchukua eneo lote chini ya mstari uliopinda, gawa nafasi kati ya 1 na n katika vipande vya upana wa 1, na kwa kila kipande unganisha ncha mbili za juu kwa mstari ulionyooka. Unapata trapeza nyingi zilizosimama bega kwa bega. Jumla ya maeneo yake ni ln 2 + ln 3 + … + ln n, isipokuwa ln n ya mwisho imehesabiwa nusu tu. Kwa hiyo faktoria inadai tuongeze ½ ln n. Huko mwanzoni hakuna cha kuongeza, kwa sababu ln 1 ni 0.

Lakini mstari wa ln x umeinama kwenda chini, kwa hiyo kila trapeza inabaki chini yake kidogo na kuacha mwanya. Kati ya 1 na 2, eneo halisi ni 0.3863 na trapeza ni 0.3466, mwanya ni 0.0397. Kati ya 2 na 3 mwanya ni 0.0137 tu. Kadiri unavyokwenda mbele mstari unazidi kunyooka, na mwanya kwenye nafasi ya k unapungua kama 1/(12k²). Ukiijumlisha mianya hiyo yote hadi mwisho usio na kikomo, unapata kama 0.0811. Karibu nusu yake inatoka kwenye kipande kile cha kwanza peke yake! Toa 0.0811 kwenye ile 1 tuliyoiacha, inabaki 0.9189, ambayo ni ½ ln(2π). Abraham de Moivre alilipata umbo la fomula hii, na James Stirling ndiye aliyeonyesha kwamba namba isiyobadilika inatokana na kipeuo cha pili cha 2π. Maandishi yao yalitoka mwaka mmoja, 1730. Jina lililobaki kwenye fomula ni la Stirling.

Fomula kamili basi ni hii:

ln n! ≈ n ln n − n + ½ ln(2πn) + 1/(12n)

Ile 1/(12n) haikuanguka kutoka mbinguni. Tumeondoa mianya yote hadi mwisho usio na kikomo, ilhali faktoria yetu inaishia n, kwa hiyo tunarudisha mianya iliyo mbele ya n, na jumla yake ni karibu 1/(12n). Kwa 10! sehemu tatu za kwanza zinatoa 15.09608. Ongeza 1/120, unapata 15.10442. Jibu sahihi ni 15.10441. Hiyo ni n ya 10 tu, namba ambayo hakuna anayeiita kubwa.

Tuingie kwenye vizigeu vya binomia, yaani idadi ya njia za kuchagua vitu k kati ya vitu n. Nitaiandika C(n, k), nayo ni n! gawa kwa k! × (n − k)!. Kwenye logi unakuwa na kujumlisha na kutoa tu. Ukitumia fomula fupi, zile −n, +k na +(n − k) zinafutana zote, na ukiandika p = k/n unabaki na hiki:

ln C(n, k) ≈ n × [−p ln p − (1 − p) ln(1 − p)]

Kilicho ndani ya mabano ndicho watu wa nadharia ya habari wanakiita entropia. Ukiirudisha ½ ln(2πn) kwa kila moja ya faktoria tatu, kinaongezeka kijisehemu kimoja: −½ ln(2πnp(1 − p)). Hapa ndipo penye ubishi, maana kijisehemu hiki ni kidogo sana ukikilinganisha na kile cha kwanza, na unashawishika kukitupa.

Basi tukitupe tuone. Sarafu isiyo na upendeleo imerushwa mara 1,000. Uwezekano wa kupata vichwa 500 barabara ni C(1000, 500) gawa kwa 2^1000. Kwa p ya nusu, entropia ni ln 2, kwa hiyo fomula fupi inasema C(1000, 500) ≈ 2^1000. Gawanya: uwezekano unakuwa 1. Yaani vichwa 500 lazima vitokee kila unaporusha mara 1,000. Ni upuuzi mtupu, na umetoka kwenye fomula ambayo logi yake, 693.15, imekosea kwa nusu asilimia tu.

Kirudishe. 2πnp(1 − p) ni 500π, yaani 1,570.8. Kipeuo chake cha pili ni 39.63, na nusu-logi yake ni 3.68. Uwezekano unakuwa 1 gawa kwa 39.63, karibu 0.0252, mara moja katika kila arobaini hivi. Hilo ndilo jibu. Logi ya kizigeu inashuka hadi 689.47, na namba yenyewe ni 2.70 × 10^299. Sehemu kubwa ile ya 693 imefutwa yote na 2^1000, na jibu la swali letu limetoka lote kwenye kile kijisehemu tulichotaka kukitupa. Katika uwezekano hali hii ni ya kawaida: vitu vikubwa hufutana, na vilivyobaki ndivyo ulivyoulizwa.

Nisieleweke vibaya, fomula fupi ina mahali pake. Kama swali ni C(1000, 300) ina tarakimu ngapi, entropia inatoa 610.86. Gawa kwa 2.302585 ili upate logi ya kumi, inakuja 265.3, yaani tarakimu 266. Ukiongeza kijisehemu cha pili, −3.59, logi inakuwa 607.27 na namba ni 5.43 × 10^263, tarakimu 264. Umekosa tarakimu mbili kati ya mia mbili sitini na kitu. Ukitaka tu kujua kama orodha ya machaguo yote ingeenea kwenye kumbukumbu ya kompyuta, tarakimu mbili hizo hazibadilishi chochote.

Kwenye kompyuta huhitaji kuiandika fomula ya Stirling mwenyewe. Maktaba nyingi zina `lgamma`, na `lgamma(n + 1)` ni ln n!:

```python
from math import lgamma

def ln_c(n, k):
    return lgamma(n + 1) - lgamma(k + 1) - lgamma(n - k + 1)
```

Kwa n za maelfu hata mamilioni hii inatosha. Inaharibika pale n inapokuwa kubwa mno na k ndogo. Jaribu n = 10^15 na k = 2. Jibu la kweli ni karibu 5 × 10^29, na logi yake ni 68.38. Lakini ln ya 10^15! ni kama 3.35 × 10^16, na kwa ukubwa huo namba za biti 64 zinaruka nne nne: hakuna namba kati ya moja na inayofuata. Ukitoa namba kubwa kama hiyo kwa jirani yake, utapata 64, 68, 72, chochote kinachogawanyika kwa 4. Tofauti sahihi ni 69.08. Hata ukibahatika kupata 68, jibu lako la mwisho litakuwa dogo karibu mara tatu kuliko la kweli. Tatizo hapa si Stirling. Ukiongeza vijisehemu vingine kwenye fomula hutapata nafuu yoyote, kwa sababu tarakimu zilishapotea kabla ya kutoa.

Dawa ni kuacha faktoria kubwa zifutane kwenye karatasi kabla kompyuta haijaziona. k ikiwa ndogo, jumlisha ln n, ln(n − 1) na kuendelea kwa sehemu k tu, kisha toa ln k!. Kwa k = 2 ni sehemu mbili, na hakuna kinachopotea.

Na ukitaka kujua kama programu yako imeingia kwenye shimo hilo, tumia uwiano wa vizigeu viwili vinavyofuatana: C(n, k + 1) gawa kwa C(n, k) ni (n − k)/(k + 1) kamili. Kwa n = 1000 na k = 300, tofauti ya logi mbili lazima iwe ln(700/301), yaani 0.84397. Mpe `ln_c` namba zako halisi, k na k + 1, na ulinganishe. Tofauti ikipotoka kwenye desimali ya tatu, usiliamini jibu zaidi ya tarakimu mbili au tatu za mwanzo. Ikipotoka kwa namba nzima, tarakimu zote zimekwenda.