Fomula imefungwa, lakini bado inaharibika: dhana potofu kuhusu fomu za Excel

Wiki hii nimeitwa tena na mfanyabiashara wa nafaka hapa Nyamakima. “Fundi, shiti uliifunga, mbona hesabu zimevurugika?” Swali hili nimelichoka, basi leo nalijibu kwa maandishi.

Dhana: ukishabonyeza Protect Sheet, makarani hawawezi kuharibu fomula.

Hawawezi kuandika juu yake, basi. Kuipotosha wanaweza, tena bila kuigusa.

Kwake kuna makarani watatu. Safu ya C ni magunia, D ni bei, na E, iliyofungwa, ina fomula ya kila mstari, mfano `=C12*D12` kwenye E12. Karani mmoja aliandika 40 kwenye C12, akagundua mzigo huo ni wa mstari wa 13. Akabonyeza Ctrl+X, akabandika kwenye C13. Excel huchukulia kwamba seli imehama, kwa hiyo kila fomula iliyoitaja huifuata ilikokwenda. E12 ikageuka `=C13*D12`, na E13 ikapata `#REF!`, kwa sababu C13 ya awali, ambayo E13 iliitegemea, imefunikwa.

`#REF!` angalau inaonekana. Balaa ni E12. Baadaye mwenzake alijaza mstari wa 12 sawasawa: magunia 25 kwa shilingi 4,000. Ilipaswa kuwa 100,000, ikatoka 160,000, na hakuna aliyeshtuka. Kuiburuta seli kwa kipanya huleta madhara yaleyale.

Kuwakataza watu Ctrl+X ni kujichosha, nimejaribu. Dawa ni fomula isiyotaja seli moja moja. Ondoa ulinzi, weka hii kwenye E5, mstari wa kwanza wa kujazwa, ishushe hadi mwisho wa fomu, kisha funga tena:

```
=INDEX(C:C,ROW())*INDEX(D:D,ROW())
```

Hii husoma safu nzima, kisha huchukua thamani ya mstari wake yenyewe. Karani akihamisha 40, E12 inabaki kwenye mstari wa 12. Na tafadhali, usiifunike na `IFERROR` ili shiti ipendeze. Hapo umezima king’ora.

Dhana: Data Validation huzuia kila kosa.

Huzuia kinachoandikwa kwa kibodi. Karani akinakili “40 mag” kutoka WhatsApp na kubandika, inapita hata kama kanuni inataka namba kamili, na `SUM` ya magunia huiruka kimyakimya. Akinakili seli ya faili nyingine, hata kanuni yenyewe inaweza kufutika. Mimi huweka safu ya F, iliyofungwa, ya kukagua:

```
=IF(INDEX(C:C,ROW())="","",IF(ISNUMBER(INDEX(C:C,ROW())),"","KAGUA"))
```

Jioni, kabla ya kufunga duka, ondoa ulinzi, bonyeza pia Circle Invalid Data kwenye menyu ya Data Validation, kisha funga shiti tena. Kanuni ikiwa bado ipo, thamani mbovu itazungushiwa duara jekundu.

Dhana: nywila ya shiti huficha bei kwa wasiohusika.

Haifichi. Anayeweza kufungua faili anasoma kila kitu. Unayetaka siri, nenda File, Info, Protect Workbook, kisha Encrypt with Password.