Gramu 450 za ugali si gramu 450 za unga

Fundi cherehani mmoja alikuja kliniki yetu ya lishe na daftari aliloandika kila alichokula siku ya Jumanne. Kazi alikuwa ameifanya kweli: alipima kila sahani kwa mzani wa jikoni, akasoma lebo za pakiti, akazidisha, akajumlisha. Mwisho wa ukurasa palikuwa na kilokalori 4,441. Mtu anayeshinda amekaa kwenye cherehani hali chakula kingi hivyo bila yeye mwenyewe kujishangaa, na huyu alikuwa anasema hata hashibi. Nikamwomba tupitie daftari mstari kwa mstari.

Chai ya asubuhi haikuwa na tatizo. Maziwa mililita 200, na lebo inasema kilokalori 64 kwa kila mililita 100, ni 128. Sukari vijiko vitatu, jumla gramu 15, ni 60, kwa sababu gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4. Slesi mbili za mkate zilikuwa na gramu 60. Lebo inasema 255 kwa gramu 100, hivyo ni 153. Majarini gramu 10, ambayo ni 63. Jumla ya asubuhi 404. Njia ni hiyo hiyo kwa kila kitu: uzito ulioliwa, gawa kwa 100, zidisha kwa namba ya lebo.

Mchana ndipo mambo yalipoharibika. Sahani yake ya ugali ilikuwa na gramu 450. Pakiti ya unga inasema kilokalori 360 kwa gramu 100, akazidisha akapata 1,620. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, ila lebo ya unga inazungumzia unga mkavu, na yeye amepima ugali. Sehemu kubwa ya ule ugali ni maji, na maji hayana kalori hata moja.

Dawa yake ni kupima sufuria nzima. Alikuwa amesonga unga gramu 500, na ugali wote ulipoiva ulikuwa na gramu 1,500. Kwa hiyo kila gramu tatu za ugali zina gramu moja ya unga. Sahani ya gramu 450 ina unga gramu 150, yaani kilokalori 540. Uwiano huo ni wa sufuria ile, siku ile. Anayesonga ugali mgumu atapata namba nyingine, na anayekula mlaini nyingine tena, ndiyo maana sipendi kumpa mtu namba ya jirani.

Wali wa usiku ulikuwa na kosa lile lile. Mchele gramu 500 ulitoa wali gramu 1,350, naye alikula gramu 270, yaani sehemu moja ya tano. Hapo ni mchele gramu 100, kilokalori 360, si 972 alizoandika. Siku hiyo wali ulipikwa bila mafuta.

Maharage yalikuwa na makosa mawili yanayovutana. Yalipikwa gramu 400 makavu, na sufuria ilipotoka jikoni ilikuwa na gramu 1,600 pamoja na mchuzi. Yeye alikula gramu 200 mchana na 200 usiku, yaani robo ya sufuria, sawa na maharage makavu gramu 100. Kwa lebo ya pakiti hizo ni kilokalori 335. Alikuwa ameandika 1,340. Lakini mafuta hakuyaandika kabisa! Alikaangia kitunguu na nyanya kwa mililita 80, na chupa inasema kilokalori 828 kwa mililita 100. Robo yake ni mililita 20, karibu kilokalori 166. Chakula kilichokaangwa hakionyeshi mafuta kwenye sahani, kwa hiyo yapime kabla hayajaingia sufuriani. Na uangalie kama lebo imesema gramu au mililita: mililita 100 za mafuta ya kula zina uzito wa gramu 92 hivi, na gramu 100 zake ni kilokalori 900.

Ilibaki soda ya nusu lita. Aliandika 105 kama alivyosoma kwenye lebo, lakini namba hiyo ni ya mililita 250, kipimo ambacho kiwanda kimekiita sehemu moja ya kunywa. Chupa alimaliza yote. Ni 210.

Tukajumlisha upya: asubuhi 404, ugali 540, maharage na mafuta yake 501, soda 210, wali 360. Jumla 2,015. Mimi ningesema elfu mbili na kitu, basi. Namba za lebo ni wastani, na chakula cha kila pakiti hutofautiana kidogo.

Virutubishi vinafuata mstari ule ule. Ukishajua gramu za unga, mchele na maharage, unabadilisha safu ya lebo tu. Protini yake ilikuwa gramu 6 kwenye maziwa, 5 kwenye mkate, 11 kwenye unga, 22 kwenye maharage na 7 kwenye mchele: jumla gramu 51 hivi. Sukari ndiyo inayotaka jicho. Mstari wa sukari kwenye lebo ya maziwa ni sukari ya asili ya maziwa, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, kinahusu sukari iliyoongezwa pamoja na ile ya asali na juisi. Kwa kilokalori 2,000, kikomo hicho ni gramu 50. Yeye alikuwa na gramu 15 kwenye chai na 53 kwenye soda. Jumla 68, bado mkate.

Chumvi ina mtego wake. Lebo nyingi huandika sodiamu kwa miligramu, na ili kupata chumvi unazidisha kwa 2.5. Mkate wake ulikuwa na miligramu 240, sawa na gramu 0.6 za chumvi. Ile ya kwenye sufuria ya maharage haipo kwenye lebo yoyote: ilikuwa gramu 10, robo yake gramu 2.5. Kikomo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku.

Ukitaka kujua kama umesoma lebo vizuri, ijaribu. Protini na wanga zidisha kwa 4, mafuta kwa 9, ujumlishe. Maziwa yale yana protini 3.2, wanga 4.8 na mafuta 3.5: unapata 63.5, na lebo inasema 64. Ukipata namba ndogo mara nne hivi kuliko ya lebo, umesoma kJ, yaani kilojuli, badala ya kcal, yaani kilokalori. Kcal moja ni kJ 4.184.

Mchicha wa sokoni hauna lebo. Hapo tunatumia majedwali ya virutubishi vya vyakula, ya Tanzania yalitoka 2008 na ya Kenya 2018. Nayo yasome kwa tahadhari ile ile, kwa sababu chakula kibichi na kilichopikwa vina mistari tofauti.

Kitu kimoja alikirekebisha mwenyewe. Alichoka kumimina ugali ili apime sufuria tupu, basi ameandika 640 kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa sufuria. Anapima yote kwa pamoja, anatoa 640.