Mshumaa mmoja, saa mbili

“Broka wangu anachezea chati: wa mwenzangu mshumaa wa jana ni wa kijani, wangu mwekundu.”

Kabla ya kumhukumu broka, tazama saa. Soko la fedha za kigeni halina kengele moja ya kufunga siku. Kila seva ya broka hukata siku kwa saa yake. Seva ya UTC hufunga mshumaa wa siku saa tisa usiku hapa Kisumu. Nyingine nyingi hufuata saa kumi na moja jioni ya New York, yaani saa sita usiku kwetu, au saa saba wakati wa majira yao ya baridi.

Chukua mfano wa EUR/USD. Kwa mwenzako siku ilifunguka 1.0840 na kufungwa saa sita usiku 1.0852: kijani. Kwako ilikuwa imefunguka saa tisa usiku 1.0846, na saa tatu hizo za ziada zikaishusha bei hadi 1.0835: nyekundu. Bei ni zilezile, zimekatwa pengine tu.

Kwenye MetaTrader ya kompyuta, linganisha saa iliyo juu ya dirisha la Market Watch na ya simu yako. Kisha fungueni H1 nyote wawili, mkipatanisha saa: mishumaa itakaribiana sana, ila H4 inaweza kutofautiana. Ukiona kishumaa kifupi cha Jumapili, seva yako huenda ni ya UTC.

Tofauti ya pointi chache hubaki, kwa kuwa kila broka ana watoa bei wake. Mkia mrefu ulioko kwa broka mmoja pekee, hata kwenye M1, hauelezwi na saa, huo muulize.